Ofisi ya Kodi Niliyoipita Nikiwa Kwenye Daladala

Julai 2023 nilikodi fremu Bunju A, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo, nikaanza kuuza vifaa vya kuokea keki: unga, hamira, rangi, maboksi na mabati ya kuokea. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Nikalipa 900,000, nikapiga rangi, nikapanga mzigo. Jambo nililodhani litachukua asubuhi moja, yaani kusajili biashara TRA, likanila karibu mwezi mzima. Fomu zenyewe hazikuwa ngumu. Kilichonichelewesha ni kutojua ofisi ipi ndiyo yangu, na biashara yangu kuandikwa anwani tatu zisizofanana.

Nianze na kosa la kwanza. TIN nilikuwa nayo tayari. Niliipata miaka ya nyuma nilipokuwa nachukua leseni ya udereva, wakati huo naishi Tabata. Watu wengi wana TIN ya namna hiyo na wameshaisahau. Mtu mmoja ana TIN moja maisha yake yote, na siku hizi imefungwa kwenye namba ya NIDA, kwa hiyo ukifungua biashara hupewi nyingine. Unachukua ileile, unaibadilisha iwe ya biashara. Na ile niliyokuwa nayo ilikuwa na faili, na faili lilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa Ilala, kwa sababu Tabata iko Ilala. Mimi wakati huo sikujua kama namba ina ofisi. Nilidhani TRA ni TRA, popote utakapoingia utahudumiwa.

Niliandika kwenye ramani ya simu "TRA Tegeta". Zikatokea alama kadhaa. Nikafuata iliyokuwa karibu, nikakuta ni steshenari ya mtu binafsi yenye bango la "TIN, leseni, usajili wa kampuni hapa". Kijana alikuwa mchangamfu na mwenye maneno mazuri.

"Dada, usihangaike na foleni. Nipe namba ya NIDA na simu yako, nakumalizia hapa hapa."

Akataka 30,000, nikampa. Alijaribu kufungua TIN mpya, mfumo ukakataa kwa sababu ninayo. Akajaza maombi ya kubadili taarifa. Pale penye eneo la biashara hakuniuliza kitu, akaandika alichokifikiria. Siku hiyo niliondoka na furaha. Baadaye ndipo nilipojua kuwa TIN hutolewa bure, na kwamba kilichobadilika kwenye taarifa zangu ni maneno ya anwani tu. Ofisi ilibaki Ilala.

Simlaumu sana yule kijana kwa kuchukua hela, maana kazi ya kujaza aliifanya. Ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: kama huwezi kujaza mwenyewe, kaa pembeni ya anayekujazia, na kipengele cha eneo la biashara kitamke wewe kwa mdomo wako, herufi kwa herufi. Jina, tarehe ya kuzaliwa na picha mfumo unavichukua NIDA. Eneo la biashara NIDA hailijui. Hilo linatoka kwako.

Baada ya wiki mbili sikuona mabadiliko yoyote, nikaamua kwenda ofisini mwenyewe. Hapo nikafanya kosa la pili, na hili naliona kwa watu wengi wenye akili zao timamu. Nilijiambia: Bunju ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, leseni ya biashara nitaichukua Manispaa ya Kinondoni, kwa hiyo ofisi yangu ya kodi ni Kinondoni. Nikapanda daladala asubuhi, tukapita Boko, tukapita Tegeta, tukapita Mbezi Beach, nikashuka mjini, nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimweleza dada wa dirishani biashara iko wapi. Akaniambia kwa upole kabisa:

"Bunju inahudumiwa na Tegeta, dada. Hata hivyo faili lako linasoma Ilala. Itabidi lihame kwanza."

Nilikuwa nimeipita Tegeta nimekaa dirishani.

Ramani ya kodi haifuati ramani ya utawala. TRA imeigawa nchi katika mikoa ya kikodi, na huo ni mgawanyo wake yenyewe, unaoangalia wingi wa walipakodi na urahisi wa kuwafikia. Dar es Salaam kwa serikali ni mkoa mmoja, lakini kwa TRA ni mikoa kadhaa. Kariakoo ni mfano ulio wazi kuliko yote: kiutawala iko ndani ya Ilala, lakini kikodi ni mkoa unaojitegemea kwa sababu ya wingi wa biashara zilizobanana pale. Tegeta vilevile, kiutawala iko Kinondoni na kikodi inasimama peke yake. Kwa hiyo jina la wilaya yako halikuambii kitu cha uhakika. Unapoishi hapakuambii kitu kabisa, maana kinachoangaliwa ni mlango wa biashara ulipo.

Na mipaka hii huwa inabadilika. Eneo likikua linakatwa, ofisi mpya inafunguliwa, au kinawekwa kituo cha huduma kilicho chini ya ofisi kubwa. Ndiyo maana mtu aliyesajili biashara miaka kumi iliyopita anaweza kukuelekeza kwa nia njema kabisa na akawa amekupoteza.

Basi utajuaje? Mimi njia rahisi kuliko zote niliionyeshwa na jirani yangu, mama mmoja mwenye duka la dawa. Nilirudi nimechoka, nikamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho, akavuta risiti aliyokuwa ametoka kumchapia mteja, akaigeuza upande wangu na kunionyesha kwa ukucha.

"Soma hapa, mwanangu."

Risiti ya mashine ya EFD huku Tanzania juu yake ina jina la biashara, TIN, namba ya mashine na mengine ambayo hakuna anayeyasoma. Katikati ya hayo kuna mstari ulioandikwa `TAX OFFICE`, na mbele yake jina la ofisi ya kodi inayomhudumia mwenye duka. Ya kwake ilisema Tegeta. Nimekuwa nikipewa risiti hizo miaka yote na kuzikunjia kwenye pochi, na jibu la swali langu lilikuwa limeandikwa humo.

Nikavuka barabara nikanunua misumari ya mia tano kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba risiti. Tegeta. Nikaangalia na ya kituo cha mafuta niliyokuwa nayo kwenye begi, hiyo ikawa na jina jingine kabisa. Niliporudi kumuuliza mama wa dawa akanieleza kwamba kampuni kubwa zina idara yao ya walipakodi wakubwa, na wenye matawi mengi faili lao linaweza kuwa yalipo makao yao makuu. Kwa hiyo usitumie risiti ya sheli wala ya supamaketi yenye matawi. Tumia ya duka dogo ambalo mwenyewe yupo hapo hapo na hana duka jingine, na uchukue mbili au tatu za mtaa uleule. Kama risiti imefifia, unaweza kuingiza namba yake ya uhakiki kwenye `verify.tra.go.tz` ukaisoma vizuri kwenye simu.

Kama mtaa wako hauna duka lenye mashine, angalia ukutani. Wafanyabiashara wengi hubandika cheti cha TIN pamoja na leseni, na kwenye cheti ofisi imeandikwa. Omba kwa adabu, hakuna aliyenikatalia.

Lakini risiti ya jirani ni ushahidi wa jirani. Kama uko mpakani, upande huu wa barabara unaweza kuwa ofisi moja na upande ule nyingine. Kwa hiyo nilipiga simu ya bure ya TRA, 0800 750 075 (nyingine ni 0800 780 078). Nimejifunza kwamba swali ukiliuliza vibaya utajibiwa kwa ujumla. Ukiuliza "Ofisi ya TRA Kinondoni iko wapi?" utaelekezwa Kinondoni, na aliyekujibu hajakosea. Uliza hivi: "Biashara yangu iko mtaa fulani, kata fulani, karibu na kitu fulani. Faili langu linatakiwa liwe ofisi gani, na ofisi hiyo kwa sasa iko jengo gani?" Kisha mpe TIN yako akuambie kwa sasa inasoma ofisi ipi. Aliyepokea simu yangu aliniambia yote mawili ndani ya dakika chache: linatakiwa liwe Tegeta, linasoma Ilala. Akanielekeza na jengo. Nikaandika kwenye daftari tarehe ya simu na alichoniambia.

Lile neno "kwa sasa" usiliache. Ofisi hizi nyingi zimepanga kwenye majengo ya watu kama sisi tulivyopanga fremu, na zinaweza kuhama. Alama ya kwenye ramani ya simu imewekwa na yeyote, na hakuna anayekwenda kuifuta. Orodha ya ofisi iliyoko kwenye `www.tra.go.tz` ni ya kuaminika zaidi, lakini hata hiyo mimi naisoma kisha napiga simu.

Tegeta nilifika Jumanne, nikiwa na bahasha iliyojaa. Afisa aliyenipokea alikuwa kaka wa makamo. Alitandaza karatasi zangu mezani, akasogeza tatu kati yake, akazipanga sambamba.

"Hebu tazama, dada. Mkataba wako wa pango unasema fremu iko Boko. Barua ya serikali ya mtaa inasema Bunju A. Mfumo wetu unasema Tegeta barabarani. Biashara yako iko wapi?"

Nilishindwa kujibu haraka. Mkataba ulikuwa umetolewa nakala kutoka mkataba mwingine wa mwenye nyumba, ambaye ana fremu pia Boko, na wote wawili tulisaini bila kuusoma mstari ule. Ya mfumo ilikuwa kazi ya steshenari. Barua ya mtaa peke yake ndiyo iliyokuwa sahihi, kwa sababu mjumbe alifika akauona mlango.

Afisa hakunifokea. Alinieleza kwamba anwani hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye cheti, na ndiyo atakayoifuata afisa atakayekuja kukagua eneo. Akikuta Boko hakuna duka, faili litaandikwa mlipakodi hapatikani, na hapo ndipo matatizo ya kweli yanapoanzia. Akaniambia nirekebishe mkataba kabla sijalipia ushuru wa stempu, ambao kwangu ulikuwa asilimia 1 ya pango, yaani shilingi 9,000, kusudi nisiulipie mkataba wenye kosa.

Kisha akageuza karatasi upande mweupe, akanipa kalamu. "Nichoree. Mimi nikishuka kituoni nifike dukani kwako bila kumuuliza mtu."

Nilichora. Barabara ya Bagamoyo mstari mnene, kituo cha daladala, njia ya vumbi inayoingia kulia, msikiti, mwembe mkubwa wenye mafundi baiskeli chini yake, kisha fremu nne, yangu ya tatu. Wakati nachora ndipo niliposhtuka kwamba namba ya nyumba siijui. Kibao kilikuwepo juu ya mlango, kimepigiliwa tangu zoezi la anwani za makazi la 2022, mwaka wa sensa, na mimi nilipopiga rangi fundi alikipaka nacho. Jioni ile nilipanda kwenye stuli nikakisugua kwa kitambaa chenye thina mpaka namba ikatokea, na jina la barabara ya mtaa nikalisoma kwenye nguzo iliyoko kona. Namba ile ndiyo niliyoipeleka kwa mwenye nyumba ili iandikwe kwenye mkataba, ndiyo niliyoipeleka serikali ya mtaa ili barua nayo iitaje, na ndiyo iliyoingia kwenye mfumo. Karatasi tatu zikasema jambo moja.

Mwenye nyumba alisumbua kidogo. Alisema, "Mama, si inaeleweka tu?" Nilimwomba kwa heshima, nikamchapia mkataba mpya kwa gharama yangu, akasaini.

Kuhamisha faili kulihitaji barua. Niliiandika kwa meneja wa ofisi ninayotoka, yaani Ilala, nikaomba faili lihamie Tegeta, nikataja TIN, anwani mpya na sababu, nikaambatanisha mkataba, barua ya mtaa, nakala ya kitambulisho na cheti cha zamani. Nikatoa nakala ya barua yenyewe ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaitunza. Kwangu ilikwenda vizuri kwa sababu TIN ile haikuwahi kufanyiwa biashara, kwa hiyo hakukuwa na ritani zilizolala wala deni. Rafiki yangu aliyehama na duka lenye makadirio yasiyolipwa alitakiwa amalize kwanza kule anakotoka. Kama una biashara ya zamani iliyokufa bila kufungwa rasmi, jua kwamba faili lake linakusubiri kwenye ofisi ile, hata kama duka lilishabomolewa.

Nilipigiwa simu baada ya siku kadhaa kwamba faili limefika. Nikaenda, tukafanya makadirio, cheti kikatoka. Nilikisoma pale pale kaunta kabla ya kukikunja: jina, namba tisa za TIN, jina la biashara, nyumba, mtaa, ofisi. Mama wa dawa alinifundisha nisitoke bila kusoma, maana kosa likionekana ukiwa dirishani ni la dakika tano, na likionekana ukiwa nyumbani ni nauli na siku nyingine. Hati ya uthibitisho wa kodi nayo ikatoka, na kwa hiyo nikaweza kuomba leseni ya manispaa kupitia mfumo wa TAUSI. Huko ndiko Kinondoni ilikokuwa sahihi. Leseni Kinondoni, kodi Tegeta. Duka moja, ofisi mbili zenye majina tofauti, na zote ni zangu.

Jambo moja kuhusu muda. Sheria inakutaka uombe kusajiliwa ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Mimi nilikuwa nimeshauza unga wiki tatu huku nikizunguka. Hakuna aliyeniadhibu, lakini nilikuwa na wasiwasi kila gari la serikali lilipopita. Laiti ningetafuta ofisi kabla ya kulipa pango, wiki zile za kuzunguka zingekwisha duka likiwa bado tupu.

Walioko mikoani msumbuko huu mnaweza msiuone kabisa, kwa sababu mji wenye ofisi moja hauna cha kuchanganya. Zanzibar lipo la aina nyingine: kuna TRA na kuna ZRA, na kila moja ina kodi zake, kwa hiyo huko swali la kwanza ni mamlaka ipi kabla ya ofisi ipi.

Nayaandika haya wiki hii kwa sababu nimepata fremu nyingine, kubwa na ya bei nafuu, Mapinga. Ukitoka dukani kwangu ni daladala ya muda mfupi, lakini ukivuka pale Bunju unatoka Dar es Salaam unaingia Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Mwenye fremu ananiharakisha, anasema kuna mtu mwingine anaitaka. Juzi nilikwenda nikazunguka mtaa mzima, nikanunua sabuni, betri na chupa ya maji kwenye maduka matatu, kila mahali nikaomba risiti. Nikapiga picha kibao cha namba ya nyumba, hicho hakijapakwa rangi. Kesho saa mbili asubuhi napiga simu, risiti zikiwa mkononi, na pango sijalipa.